Jongo: dawa ya maumivu na dawa ya chanzo

Dereva mmoja anaamka usiku, kidole gumba cha mguu kimevimba na kuwa chekundu, hata shuka likigusa anaumia. Daktari anampa kolkisini. Wengine hupewa ibuprofeni au prednisoloni. Baada ya siku chache maumivu yanakwisha. Lakini asidi ya yuriki bado imezidi kwenye damu, na fuwele zake zimebaki kwenye kiungo.

Kuipunguza ni kazi ya alopurinoli, ambayo huzuia mwili kuitengeneza kwa wingi. Kwa kawaida huanzwa kwa miligramu 100 kwa siku au chini ya hapo, kisha huongezwa polepole hadi kipimo cha damu kishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita. Hapa ndipo wengi hukwama: fuwele zinapoanza kuyeyuka, shambulio huweza kurudi, na mgonjwa huitupa dawa akidhani imemdhuru. Ndiyo maana daktari humpa pia kolkisini kidogo kwa miezi 3 hadi 6.

Probenesidi hupitia njia nyingine: huzifanya figo zitoe asidi zaidi kwenye mkojo. Haimfai mwenye mawe ya figo.

Ukiwa tayari unatumia alopurinoli, usiiache kwa sababu ya shambulio. Ukitokwa na vipele, iache mara moja umwone daktari.