Kura 218 na kalamu ya katibu

“Wajumbe walilijadili suala la mkopo kwa kina na kukubaliana kwa kauli moja kwamba chama kikope.”

Yeyote aliyewahi kufungua jalada la chama cha ushirika cha wakulima amekutana na sentensi ya namna hii. Inasomeka vizuri, ila haisemi lolote. Chama kikope kiasi gani? Kwa kazi ipi? Wangapi walikuwa ukumbini saa hiyo, na kauli hiyo moja ilipatikanaje? Afisa mikopo wa benki akiisoma, hana pa kushika. Na mkulima akiuliza miaka miwili baadaye kwa nini kahawa yake inakatwa kulipia deni, karatasi hiyo haitamjibu.

Kinachozungumzwa hapa ni muhtasari wa mkutano mkuu wa mwaka, ambao wengine, hasa Kenya, huuita kumbukumbu. Nchini Tanzania vyama hivi huongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, na chini yake mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye kauli ya mwisho katika mambo ya chama. Bodi huongoza kati ya mkutano mmoja na mwingine, na meneja na watumishi hutekeleza. Lakini mkutano huchukua siku moja tu, kisha watu hurudi mashambani. Kinachobaki ofisini kuonyesha walichoamua ni kurasa chache alizoandika katibu.

Ili kuona kurasa hizo zinavyofanya kazi, tuchukue chama cha kubuni cha wakulima wa kahawa chenye wanachama 412. Masharti ya chama hicho yanataka akidi ya nusu ya wanachama, yaani 206, na yanataka akidi hiyo iwepo kila azimio linapopitishwa, si asubuhi peke yake. Mkutano umeitishwa saa 3 asubuhi. Hadi saa 4 na nusu waliotia saini daftari la mahudhurio ni 231, na mwenyekiti anaufungua.

Jambo la kwanza analolifanya katibu mzuri ni kuwatenganisha watu. Wanachama waliohudhuria wanaorodheshwa peke yao kwa namba zao za uanachama. Waliotoa udhuru wana orodha yao. Waalikwa, kama afisa ushirika, mtendaji wa kijiji, mwakilishi wa benki na mwandishi wa habari, wanawekwa pembeni kabisa. Hao wanakaribishwa, wanaweza kuzungumza wakiombwa, ila hawapigi kura. Katibu akiwachanganya wote katika orodha moja ya watu 237, ameshaharibu hesabu ya siku nzima kabla ajenda ya kwanza haijasomwa.

Hesabu hiyo ina uzito kwa sababu katika ushirika kinachopiga kura ni mtu, si fedha. Wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao la ushirika mwaka 1844, walishika kanuni ya mwanachama mmoja kura moja, na kanuni hiyo ndiyo iliyosambaa duniani. Imo pia katika ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ambao chama chao kikuu, KNCU, kiliandikishwa mwaka 1933. Mwenye hisa mia na mwenye hisa tano wananyoosha mkono mmoja mmoja. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mkaguzi huuliza juu ya azimio lolote ni jepesi: walikuwa watu wangapi?

Sasa turudi kwenye mkopo. Chama chetu kinataka kununua mtambo wa kumenya kahawa kwa shilingi milioni 50, na bado kinadaiwa milioni 22 za pembejeo. Hapo panahitajika maazimio mawili, na vyama vingi huyakoroga yakawa moja. La kwanza ni ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu kabisa ambacho chama kinaruhusiwa kudaiwa kwa jumla. Kiwango hicho hupangwa na mkutano mkuu, kisha lazima kiidhinishwe na Mrajis wa Vyama vya Ushirika. La pili ni mkopo wenyewe. Deni la sasa pamoja na mkopo mpya ni milioni 72. Wanachama wakipanga ukomo wa milioni 80, mkopo unaingia. Wakiuacha ule wa mwaka jana wa milioni 60, mkopo hauingii, hata kama ukumbi mzima umeupigia makofi.

Ajenda hii imefikiwa saa 8 mchana, baada ya chakula. Kabla ya kura, katibu anahesabu watu upya: wamebaki 218. Kumi na watatu wameondoka, lakini akidi ipo, na anaiandika. Ukomo wa milioni 80 unapigiwa kura kwanza na kupita, nao unapewa namba na hesabu yake. Kisha unakuja mkopo, unaoandikwa hivi:

“Azimio Na. 5. Mkutano Mkuu umeazimia kwamba chama kikope kiasi kisichozidi shilingi 50,000,000 kwa ajili ya kununua na kufunga mtambo wa kumenya kahawa. Fedha hizo zisitumike kwa jambo jingine. Mkopo uchukuliwe baada ya Mrajis kuidhinisha ukomo wa madeni uliopitishwa katika Azimio Na. 4. Bodi ilete taarifa ya matumizi katika mkutano mkuu ujao. Wanachama ukumbini: 218. Waliokubali 158, waliokataa 49, wasiopiga kura 11.”

Linganisha na sentensi tuliyoanza nayo. Neno “kisichozidi” linaizuia bodi kuongeza milioni tano njiani. Kutajwa kwa mtambo kunazuia fedha kuhamia kwenye pikipiki ya ofisi. Na zile kura 49 hazikufichwa ndani ya “kauli moja”. Kauli moja maana yake hakuna hata mmoja aliyepinga. Kuitumia pale ambapo watu 49 walikataa ni kuandika jambo ambalo halikutokea.

Chini ya azimio, katibu anaweka kwa ufupi hoja za pande zote mbili. Waliokataa walisema deni la pembejeo lilipwe kwanza. Waliokubali walisema kahawa iliyomenywa kiwandani hupata daraja bora kuliko ile inayomenywa na kila mtu nyumbani kwake. Sentensi mbili zinatosha. Muhtasari hauna haja ya kunukuu kila aliyesimama, wala kueleza nani alipandisha sauti. Unahitaji uamuzi na sababu zake.

Baada ya hapo unakuja uchaguzi. Kwa kawaida viongozi wanaomaliza muda hupisha meza kuu, na msimamizi wa uchaguzi, mara nyingi afisa ushirika, huchukua nafasi. Katika muhtasari, sehemu hii inapaswa kumtaja msimamizi, waliohesabu kura, majina ya wagombea wote hata walioshindwa, na aina ya kura, kama ilikuwa ya siri au ya kunyoosha mikono. Kisha hesabu. Kwa nafasi ya mwenyekiti, karatasi zilizotolewa zilikuwa 218. Zilizokutwa sandukuni 218. Mgombea wa kwanza alipata 121, wa pili 92, zilizoharibika 5. Jumla inarudi palepale 218.

Hesabu hizo tatu, yaani waliokuwepo, karatasi zilizotolewa na kura zilizohesabiwa, ndizo kipimo cha haraka kuliko vyote. Mtu asiyewahi kufika kijijini anaweza kukaa na muhtasari ofisini na kugundua kasoro kwa kujumlisha tu. Sanduku likiwa na kura 236 katika ukumbi uliosaini watu 231, kuna watano wasioelezeka: huenda ni waalikwa waliopewa karatasi, au mikono iliyochukua mbilimbili. Sanduku likiwa na kura pungufu, si lazima kuna wizi, kwani mtu anaweza kuondoka na karatasi yake mfukoni. Ila lazima iandikwe kwamba karatasi kadhaa hazikurudi.

Jua linakaribia kuzama, na hapa ndipo vyama vingi hujikwaa. Ajenda ya mwisho huitwa Mengineyo. Mjumbe mmoja anasimama na kupendekeza makato ya chama kwa kila kilo ya kahawa yapande kutoka shilingi 50 hadi 80, kwa kuwa gharama za ofisi zimepanda. Waliobaki wamechoka, wengine wameshika mabegi. Mikono inanyooshwa na wanaopinga ni wachache. Katibu asiye makini ataandika: “Mkutano uliridhia.”

Aliye makini anahesabu: wamebaki 140. Akidi ya 206 imeshavunjika, na jambo lenyewe halikuwemo katika tangazo lililobandikwa. Waliokwenda zao mchana waliondoka wakiamini mambo makubwa yamekwisha. Kwa mkulima mwenye kilo 900, nyongeza hiyo ni shilingi 27,000 kwa msimu, na anayekatwa huenda alikuwa njiani kurudi nyumbani wakati mkono unanyooshwa. Sentensi ya kuandika hapo ni hii: “Mapendekezo ya kupandisha makato yalipokelewa. Kwa kuwa wanachama waliokuwepo walikuwa 140 na akidi haikutimia, na kwa kuwa jambo hilo halikuwa kwenye ajenda, hakukupitishwa azimio. Bodi iliandae kwa mkutano ujao.” Mwenyekiti anaweza kununa. Lakini makato yaliyopitishwa bila akidi yakipelekwa kwa Mrajis na mwanachama mmoja tu mwenye malalamiko, chama kitakuwa na kazi ya kuyatetea.

Upo udhaifu mmoja ambao mikutano ya kila mwaka haiwezi kuukwepa. Kwa desturi muhtasari huthibitishwa katika mkutano unaofuata, na kwa mkutano mkuu hiyo ni baada ya miezi kumi na miwili, wakati kumbukumbu za watu zimeshafifia. Dawa yake ni kuyasoma maazimio kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, neno kwa neno, pamoja na kura zake. Kosa likisikika, linasahihishwa papo hapo. Baadaye kurasa hupewa namba, mwenyekiti na katibu husaini na kuweka tarehe, na panapofutwa neno hupigwa mstari mmoja unaoacha neno la zamani likisomeka, kisha wote wawili hutia saini ndogo pembeni. Ukurasa uliopakwa rangi nyeupe na kuandikwa juu yake humfanya mkaguzi asimame papo hapo.

Mwaka unazunguka. Katika mkutano unaofuata wa chama chetu, baada ya muhtasari kusomwa na kuthibitishwa, inafika ajenda ya Yatokanayo. Katibu anafungua Azimio Na. 5. Bodi inaeleza kwamba ukomo uliidhinishwa, mkopo wa milioni 50 ulichukuliwa, na mtambo ulinunuliwa na kufungwa kwa shilingi 47,300,000. Mwanachama mmoja, miongoni mwa wale 49 waliokataa, anasimama akiwa na nakala yake mkononi. Anasoma kwa sauti maneno “zisitumike kwa jambo jingine”, kisha anauliza zilipo shilingi 2,700,000 zilizobaki. Ukumbi unanyamaza, na katibu anachukua kalamu kuandika jibu.