Kwa nini riba ya akiba yako haifiki ulipotarajia

Katika Sacco nyingi za Kenya mwaka wa fedha hufungwa 31 Desemba, na viwango vya malipo hutangazwa kwenye mkutano mkuu unaofuata. Siku chache baadaye simu za ofisi huanza kulia, na mara nyingi anayelalamika amepiga hesabu moja tu: salio la Desemba mara kiwango kilichotangazwa.

Tumchukue mwalimu anayekatwa shilingi 5,000 kila mwezi. Alianza Januari na akiba ya 240,000, akamaliza mwaka na 300,000. Chama kimetangaza riba ya asilimia 10 kwa akiba na gawio la asilimia 14 kwa hisa. Anatarajia riba ya 30,000, lakini taarifa inaonyesha 26,750. Hajaibiwa. Zile 240,000 zilikaa mwaka mzima, zikazaa 24,000. Makato ya Januari yaliingia mwisho wa mwezi, kwa hiyo yakahesabiwa miezi 11, ya Februari 10, na ya Desemba hayakupata kitu. Ukijumlisha miezi hiyo yote unapata 66, na 5,000 kwa miezi 66 ni sawa na 27,500 kwa mwaka mmoja. Riba yake ni 2,750.

Vyama vingine huhesabu pia mwezi ambao pesa zimeingia, na hapo angepata 27,250. Kwa hiyo uliza kanuni ya chama chako kabla ya kugombana na karani. Kanuni hiyo ndiyo inayomwangusha anayeweka 60,000 mwishoni mwa Novemba akidhani atavuna 6,000, atapata 500.

Hisa mara nyingi ni rahisi zaidi, kwa kuwa hazibadiliki kila mwezi. Hisa za 20,000 kwa asilimia 14 ni 2,800, na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya inaondoa 140. Riba ya akiba nayo hukatwa kodi, kwa hiyo linganisha hesabu yako na kiasi kilichoandikwa kabla ya makato, si na kilichoingia kwenye simu. Hapo katikati huenda kodi ikawa imeondoka pamoja na malimbikizo ya mkopo.

Ukitaka jibu la haraka, gawanya riba kwa kiwango: 26,750 kwa 0.10 ni 267,500. Kama hukutoa wala kuhamisha akiba, jibu linapaswa kuwa kati ya salio la Januari na la Desemba. Likiwa chini ya salio la Januari, kuna kitu hakikuhesabiwa.

Likiwa ndani ya mipaka hiyo lakini pungufu ya hesabu yako, mtuhumiwa wa kwanza ni mwajiri. Makato ya Agosti yakikaa kwake hadi mwisho wa Oktoba, yanapoteza miezi 2, karibu shilingi 83. Ni kidogo kwa mmoja, si kidogo kwa shule nzima. Panga hati zako za mshahara kando ya taarifa ya chama, mwezi kwa mwezi, utazame tarehe ya kuingizwa, si kiasi pekee.