Roboti zinapoielemea Wikipedia

Mwaka 2025, Wakfu wa Wikimedia ulieleza kuwa roboti huchangia takriban asilimia 35 ya kurasa zinazofunguliwa, lakini asilimia 65 ya trafiki iliyo ghali zaidi. Watu wengi husoma kurasa maarufu, ambazo nakala zake huwa tayari kwenye seva za karibu nao. Roboti hufungua hata kurasa zisizosomwa, na maombi hayo hulazimika kufika hadi seva kuu.

Dawa ni kuzizuia mapema, kwenye seva hizo za pembezoni. Anwani inayopitisha kikomo cha maombi kwa sekunde hurudishiwa jibu `429`, ikiendelea, hufungiwa. Lakini roboti zinazojigawa katika maelfu ya anwani hubaki chini ya kikomo, hivyo hutafutwa kwa mwenendo wao.