Ukiishuku Imeili, Ripoti Kabla ya Kuifuta

Mwanafunzi wa chuo yuko wiki yake ya kwanza ya fildi katika ofisi moja jijini Dodoma. Amepewa meza, kompyuta na anwani ya imeili ya kazini, ya kwanza maishani mwake. Jumatatu saa 3 asubuhi anaifungua na kukuta ujumbe huu:

```
Kutoka: Dawati la TEHAMA
Mada: Nywila yako inaisha muda LEO

Ndugu mtumishi, nywila ya imeili yako inaisha muda
leo saa 6 mchana. Bofya hapa kuihuisha.
Usipofanya hivyo akaunti yako itafungwa.
```

Mfano huu nimeutunga, lakini umejengwa vilevile zinavyojengwa imeili za kitapeli zinazoingia maofisini. Nia yake ni moja: umpe tapeli nywila yako kwa mkono wako mwenyewe. Watu wengi wameshazoea kuupuuza ujumbe wa simu wa "ile hela tuma kwenye namba hii", maana kila mtu anajua kama kuna hela aliyoahidi kumtumia mtu au hakuna. Mgeni wa ofisi hana kipimo hicho. Hajui kama nywila za pale huisha muda, hajui watu wa TEHAMA huandika vipi, wala hataki kuonekana mzembe kwa kufungiwa akaunti wiki ya kwanza. Imeili hii inategemea hayo yote matatu.

Kwa hiyo mgeni asitegemee hisia. Ayasome maandishi yaliyo mbele yake, aanze na anwani, kisha kiungo.

Jina si anwani

Yale maneno "Dawati la TEHAMA" yameandikwa na mtumaji mwenyewe. Yeyote anaweza kujiita hivyo, au kujiita kwa jina la mkurugenzi wako. Peleka kishale juu ya jina hilo, au libofye, anwani kamili itokee. Kwenye simu mara nyingi huonekana jina tupu, hivyo liguse kwanza. Katika mfano wetu anwani ni hii:

```
dawati@mfano-tz.com
```

Tuseme anwani za ofisi hiyo huishia na `@mfano.co.tz`. Sehemu ya kutazama ni ile iliyo baada ya alama ya `@`, herufi kwa herufi. `mfano-tz.com` si `mfano.co.tz`, hata kama zinafanana kwa mtu mwenye haraka. Ni jina jingine kabisa ambalo tapeli anaweza kulisajili kwa fedha kidogo. Wengine huenda mbali zaidi wakaandika `rnfano`, kwa herufi r na n zilizobanana zikaonekana kama m.

Kiungo husomwa kutoka mkwaju kurudi nyuma

Sasa weka kishale juu ya maneno "Bofya hapa" bila kubonyeza. Anwani halisi ya kiungo itajitokeza pembeni ya kishale au chini ya dirisha, upande wa kushoto:

```
https://login.microsoftonline.com.mfano-tz.com/ingia
```

Hapa ndipo wengi huponzwa. Jicho linaanza kushoto, linaona `login.microsoftonline.com`, na kweli huo ndio ukurasa wa Microsoft ambao ofisi nyingi huutumia kuingilia kwenye imeili. Moyo unatulia. Lakini mwenye ukurasa hatambuliwi kwa maneno ya mwanzo. Ruka `https://`, tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata, kisha rudi nyuma kuelekea kushoto. Maneno yanayougusa mkwaju huo ni `mfano-tz.com`, na huyo ndiye mwenye nyumba. Yaliyotangulia yote ni mapambo, na mwenye jina hilo anaweza kuweka mbele yake neno lolote alipendalo.

Kwa majina ya Tanzania yanayoishia na `.co.tz`, `.go.tz` au `.ac.tz`, chukua vipande vitatu vya mwisho badala ya viwili. Alama ya kufuli kwenye kivinjari isikupe imani. Inaeleza kwamba mawasiliano kati yako na ukurasa ule yamefichwa njiani, haielezi aliye upande wa pili ni nani. Tapeli naye anaweza kuwa na kufuli, tena bure.

Vipimo hivi viwili vina mipaka yake. Ofisi nyingine huvipitisha viungo vyote kwenye mfumo wa ukaguzi, hivyo kila kiungo huanza na maneno kama `safelinks.protection.outlook.com` na huwezi kujua kwa urahisi kinaenda wapi. Imeili nyingine hazina kiungo, zina mraba wa vinukta wa kuskani kwa simu. Na kuna hatari kubwa zaidi: imeili inaweza kutoka kwenye anwani halali ya mfanyakazi mwenzako ambaye akaunti yake imeshaibwa. Hapo anwani haitakusaidia. Tazama unachoombwa. Ukitakiwa kutoa nywila, namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako, au kubadilisha akaunti ya benki ya kumlipa mzabuni, nenda mezani kwa mhusika au mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Usimuulize kwa kujibu imeili ileile, maana atakayekujibu anaweza kuwa mwizi.

Hata aliyeuliza alinaswa

Machi 2016, John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya urais ya Hillary Clinton huko Marekani, alipata imeili iliyofanana na ya Google. Ilimwambia kuna mtu amepata nywila yake, na aibadilishe kupitia kiungo kilichowekwa. Wasaidizi wake walifanya jambo sahihi: waliwauliza watu wao wa kompyuta. Jibu likarudi kwamba imeili ni halali, na abadilishe nywila mara moja. Mtaalamu aliyeandika jibu alieleza baadaye kwamba alikusudia kuandika kinyume chake. Hata hivyo alikuwa ameweka kwenye jibu lake anwani ya kweli ya Google ya kubadilishia nywila. Kilichobofywa ni kiungo cha kwenye imeili ya mwanzo. Miezi michache baadaye maelfu ya barua za Podesta yalichapishwa na WikiLeaks.

Fundisho lake linamfaa mgeni wa ofisi moja kwa moja. Hata ukiambiwa kwamba kweli nywila inatakiwa kubadilishwa, usipite mlango ulioonyeshwa na imeili. Fungua kivinjari, andika mwenyewe anwani unayoitumia kila siku, uingie kupitia hapo.

Kufuta kimyakimya hakutoshi

Wanaoshtuka mapema wengi huifuta imeili na kuendelea na kazi. Wamejiokoa wao, ila imeili kama hiyo kwa kawaida imetumwa kwa wengi ofisini, na jirani yako huenda ndiyo anaifungua sasa. Watu wa TEHAMA wakipata nakala moja tu wanaweza kuitafuta kwenye visanduku vya wote na kuiondoa, kuuzuia ukurasa wa tapeli usifunguke kutoka mtandao wa ofisi, na kuangalia kumbukumbu za mfumo wajue nani ameshabofya. Bila taarifa yako hawana pa kuanzia.

Njia rahisi ni kitufe. Kwenye Outlook kinaitwa `Report`, na ndani yake kuna `Report phishing`. Kwenye Gmail bonyeza vile vinukta vitatu ndani ya ujumbe, utaona `Report phishing`. Ila uliza mapema taarifa hiyo hufika wapi. Kutegemea ilivyopangwa, inaweza kwenda kwa kampuni inayotoa huduma ya imeili bila watu wa ofisi yako kuiona.

Pasipo na kitufe, itume kama kiambatisho, kwa chaguo la `Forward as attachment`. Sababu ni kwamba kila imeili hubeba maelezo yaliyojificha ya njia iliyopitia: seva iliyoitoa, saa, na matokeo ya ukaguzi wa uhalali wa mtumaji. Ukiisambaza kwa njia ya kawaida, maelezo hayo hubaki nyuma na wewe ndiye unaonekana mtumaji. Picha ya skrini husaidia kuitambua, lakini nayo haiyabebi. Ambatanisha na maneno machache:

"Habari za asubuhi, kaka. Saa 3:10 nimepata imeili yenye mada 'Nywila yako inaisha muda LEO'. Imejiita Dawati la TEHAMA ila anwani ni ya `mfano-tz.com`. Sijabofya kiungo. Nimeiambatanisha hapa."

Ndani yake mna saa, dalili uliyoiona, na ulichofanya au usichofanya, na kwa kuanzia hayo yanamtosha. Usiifute mpaka wakuambie. Na usiitupe kwenye grupu la WhatsApp la ofisi kwa nia ya kuwatahadharisha wenzako, kwani kiungo bado ni kizima na kuna atakayekigusa.

Kama umeshaandika nywila

Hapo piga simu au kimbia mezani kwao. Usiandike imeili, maana tapeli anaweza kuwa ndani ya kisanduku chako akiisoma. Sema wazi ulipofika: nilibofya tu, au niliandika nywila, au niliandika na namba ya uthibitisho. Tofauti hizo ndizo zinazowaonyesha pa kuanzia. Kurasa nyingine za kitapeli huichukua ile namba na kuitumia papo hapo kwenye ukurasa halisi, kwa hiyo usifikiri namba hiyo imekukinga.

Kubadilisha nywila peke yake hakumalizi kazi. Aliyeshaingia anaweza kubaki ndani, hivyo TEHAMA watalazimika kuifunga akaunti kwenye vifaa vyote kwa pamoja. Watakagua pia kanuni za kisanduku chako, kwa sababu wezi hupenda kuacha kanuni inayopeleka nakala za barua zako nje, au inayoyaficha majibu usiyaone. Na kama ulipakua kiambatisho ukakifungua, chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi, uiache kompyuta ikiwaka. Ukiizima, ushahidi uliomo kwenye kumbukumbu yake ya muda unapotea.

Taarifa ikifika baada ya dakika tano, TEHAMA huenda wakaifunga akaunti kabla haijatumika. Ikifika kesho yake, tapeli anaweza kuwa ameshawaandikia wenzako na wateja kwa jina lako.

Siku ya kwanza ya fildi, baada ya kukabidhiwa kompyuta, muulize mtu wa TEHAMA mambo matatu na uyaandike kwenye daftari: nywila za hapa huisha muda, na tunaarifiwa vipi? Imeili ninayoishuku niipeleke wapi? Na ikiwa nimeshabofya, nipige namba gani? Mwanafunzi wa Dodoma mwenye majibu hayo angeukuta ujumbe ule wa Jumatatu akiwa na kipimo alichokikosa: angejua tarehe ya nywila yake, na angejua namba ya kupiga.