Ritifaa moja, gharama mara tatu: namna ya kugeuza jarida la shule kuwa ujumbe mfupi wa simu

Shule nyingi za mikoa ya Shinyanga na Geita huandaa jarida au barua ya taarifa kwa wazazi kila muhula. Karatasi hiyo hukabidhiwa mwanafunzi aipeleke nyumbani. Hata hivyo, katika maeneo ya machimbo kama Nyarugusu na Rwamgasa mkoani Geita, mzazi anaweza kuwa duarani au amehamia kambi nyingine kwa wiki kadhaa, na karatasi ikabaki kwenye begi la mtoto. Kinachomfikia mzazi huyo ni simu, na mara nyingi ni simu ndogo ya vitufe isiyofungua picha wala faili. Kwa sababu hiyo, baadhi ya taarifa za jarida hulazimika kugeuzwa kuwa ujumbe mfupi wa maandishi unaotumwa kwa wazazi wengi kwa pamoja.

Kazi hiyo si ya kunakili jarida na kulibandika kwenye simu. Ujumbe mfupi una kipimo chake, na Kiswahili kina alama moja ambayo huvuruga kipimo hicho bila mwandishi kutambua.

Kipimo cha ujumbe mmoja ni nafasi 160. Kila herufi, tarakimu, alama ya uandishi na pengo kati ya maneno huhesabiwa kuwa nafasi moja. Ujumbe ukizidi hapo hukatwa vipande, na kila kipande hubeba nafasi 153 tu, kwa kuwa nafasi saba hutumika kuijulisha simu jinsi ya kuviunganisha. Mtumaji hutozwa kwa kila kipande. Mtandao unaposuasua, kipande kimoja kinaweza kuchelewa, na mzazi akapata ujumbe nusu au asiuone kabisa hadi vipande vyote vifike.

Kipimo cha 160 hutumika iwapo maandishi yote yamo katika orodha ya alama za msingi za mfumo wa ujumbe mfupi. Herufi zote za Kiswahili zimo, pamoja na nukta, mkato, nukta pacha na mabano ya kawaida. Alama moja tu isiyokuwemo ikiingia, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo wa uandishi na kipimo hushuka hadi nafasi 70, au 67 kwa kila kipande endapo ujumbe ni mrefu.

Alama inayoleta tatizo hilo mara nyingi katika Kiswahili ni ritifaa, ile ya kwenye neno ng'ombe. Ritifaa ina maumbo mawili yanayofanana machoni:

```
'   iliyonyooka: imo katika orodha, kipimo ni 160
’   iliyopinda: haimo, kipimo hushuka hadi 70
```

Kitufe cha kompyuta hutoa ritifaa iliyonyooka, lakini programu ya kuandikia barua kama Microsoft Word huipinda yenyewe ili ipendeze kwenye karatasi. Katika jarida lililochapishwa hakuna tatizo. Tatizo huanza maandishi hayo yanaponakiliwa kwenda kwenye mfumo wa kutuma ujumbe.

Kwa ukanda huu suala hilo si la nadra. Shule iliyopo Wilaya ya Nyang'hwale mkoani Geita hubeba ritifaa kila inapotaja wilaya yake. Majina mengi ya Kisukuma huanza kwa Ng'w au Ng'h. Kuifuta ritifaa si suluhisho, kwa kuwa ng' na ng ni sauti mbili tofauti, na jina la mtu au la mahali likiandikwa bila alama hiyo huwa limekosewa. Suluhisho ni kuinyoosha.

Tuchukue mfano wa kipande cha jarida la shule ya msingi. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya maelezo haya, na mwenendo wake ni ule wa majarida ya kawaida:

"Uongozi wa shule unapenda kuwashukuru wazazi na walezi wote kwa ushirikiano wenu katika mwaka huu. Kufuatia maelekezo ya Kamati ya Shule, kikao cha wazazi wa Darasa la Sita kitafanyika siku ya Ijumaa ya tarehe 13 Novemba kuanzia saa 3:00 asubuhi katika viwanja vya shule, ambapo suala la chakula cha mchana litajadiliwa. Aidha, mtihani wa kufunga mwaka utaanza Jumatatu inayofuata na utaendelea kwa siku tatu kuanzia saa 2:00 asubuhi. Hivyo wazazi mnasisitizwa kutowatuma watoto kuchunga ng’ombe au kwenda machimboni katika kipindi hicho. Shule itafungwa Ijumaa ya tarehe 4 Desemba saa 6:00 mchana, na mzazi anayetarajia kuhama na mtoto wake anatakiwa kufika ofisini mapema kuchukua barua ya uhamisho."

Aya hiyo ina nafasi zaidi ya 650. Ikitumwa ilivyo, pamoja na ritifaa yake iliyopinda, itakatwa si chini ya vipande 10 kwa kila mzazi.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha mambo ambayo mzazi anatakiwa kuyatenda. Katika aya hii yapo matatu: kuhudhuria kikao, kumwacha mtoto afanye mtihani, na kuchukua barua ya uhamisho kabla shule haijafungwa. Kila jambo lipewe ujumbe wake, kwa kuwa ujumbe unaobeba mambo matatu hukumbukwa kwa lile la kwanza tu. Shukrani na utangulizi vibaki kwenye jarida.

Hatua ya pili ni kuhakikisha kila ujumbe unajitosheleza. Katika jarida, maneno "Jumatatu inayofuata" yanaeleweka kwa sababu Ijumaa imetajwa juu yake. Katika simu, ujumbe wa mtihani unaweza kusomwa na mzazi ambaye hakuupata ule wa kikao, au ukafika siku mbili baadaye simu ilipowashwa. Kwa hiyo maneno kama "kesho", "wiki ijayo" na "Jumatatu inayofuata" yaondolewe, na mahali pake iandikwe siku pamoja na tarehe. Vilevile saa iambatane na neno asubuhi, mchana au jioni. Neno "mapema" nalo lina kasoro, kwani halimwambii mzazi mwisho ni lini. Hapo anayegeuza maandishi asikisie, bali amuulize mwalimu mkuu. Katika mfano wetu tuchukulie kuwa jibu lilikuwa: kabla ya siku ya kufunga shule.

Hatua ya tatu ni kuandika na kuhesabu. Matokeo yake ni haya, ambapo maneno JINA LA SHULE yanashika mahali pa jina halisi:

```
JINA LA SHULE: Kikao cha wazazi wa Darasa la 6 ni Ijumaa 13 Novemba saa 3:00 asubuhi, shuleni. Ajenda ni chakula cha mchana. Aje mzazi au mlezi.
```

```
JINA LA SHULE: Mtihani wa Darasa la 6 ni Jumatatu 16 hadi Jumatano 18 Novemba, saa 2:00 asubuhi. Siku hizo mtoto asiende kuchunga ng'ombe wala machimboni.
```

```
JINA LA SHULE: Shule inafungwa Ijumaa 4 Desemba saa 6:00 mchana. Mzazi anayehama na mtoto aje ofisini kuchukua barua ya uhamisho kabla ya siku hiyo.
```

Ujumbe wa kwanza una nafasi 144, wa pili 154 na wa tatu 148. Kila mmoja ni kipande kimoja. Jina la shule limetangulia kwa sababu mzazi mwenye watoto katika shule mbili lazima ajue ni ipi inayozungumza, na kwa sababu simu ndogo huonesha maneno ya mwanzo tu kabla ujumbe haujafunguliwa.

Sasa tuutazame tena ujumbe wa pili. Una nafasi 154 na ritifaa moja. Ikiwa imenyooka, shule yenye wazazi 400 italipia vipande 400. Ikiwa imepinda, nafasi zile zile 154 zitagawanywa kwa 67, vitapatikana vipande vitatu kwa kila mzazi, na shule italipia vipande 1,200. Hakuna neno lililoongezwa.

Njia rahisi ya kuepuka hali hiyo ni kuyabandika maandishi kwanza kwenye Notepad, programu inayohifadhi maandishi matupu bila mapambo. Kubandika peke yake hakuinyooshi ritifaa, hivyo kila iliyopinda ifutwe na kuandikwa upya papo hapo kwa kitufe. Alama za kunukuu zilizopinda, vistari virefu na vitone vya orodha navyo viondolewe, kwani vina athari ile ile. Kisha mwandishi aangalie kihesabio cha mfumo wa kutumia ujumbe au cha simu yenyewe. Kikionesha vipande viwili au vitatu wakati maandishi hayajafika nafasi 160, ipo alama iliyojificha. Ipo mifumo inayonyoosha alama hizo yenyewe, lakini kihesabio ndicho cha kuaminiwa.

Yapo mambo ambayo hayapaswi kuingia katika ujumbe wa pamoja hata kama yamo kwenye jarida. Jina la mwanafunzi pamoja na alama zake, deni la mzazi au hali ya afya ya mtoto ni taarifa binafsi, na ukusanyaji na matumizi yake husimamiwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Simu moja kijijini husomwa na watu wengi, na ujumbe ukishatoka haurudishwi. Taarifa ya mtoto mmoja ipelekwe kwa mzazi wake pekee.

Aidha, ujumbe unaotumwa kwa jina la mtumaji badala ya namba ya simu haujibiki. Jina hilo lenyewe haliwezi kuzidi nafasi 11, hivyo mara nyingi huwa kifupisho. Iwapo shule inahitaji jibu la mzazi, namba ya simu ya ofisi iandikwe ndani ya ujumbe, nayo ihesabiwe.

Kuhusu muda, ujumbe usioweza kufika kwa sababu simu imezimwa husubiri kwa kipindi chenye kikomo, kisha hufutwa. Kwa mzazi aliye machimboni, ujumbe uliotumwa mara moja asubuhi ya siku ya kikao ni sawa na usiotumwa. Inafaa utumwe siku kadhaa kabla na kurudiwa jioni ya kuamkia siku yenyewe, wakati wengi wametoka kazini.

Wazazi na walezi nao wanakumbushwa kuwa ujumbe unaodai kutoka shuleni na kuelekeza fedha zitumwe kwenye namba ya mtu binafsi unapaswa kuthibitishwa kwa mwalimu mkuu kabla ya kutuma chochote. Namba zinazotumika kwa utapeli zinaweza kuripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.