Raki Inapogeuka Maziwa

Mezani Istanbul, raki humiminwa kwenye glasi nyembamba ndefu ikiwa angavu kama maji ya kisima. Mnywaji huongeza maji baridi, kiasi kilekile au zaidi kidogo, na papo hapo wingu jeupe hutanda ndani ya glasi. Waturuki hukiita kinywaji hicho maziwa ya simba. Maziwa hayamo hata tone.

Siri imo kwenye mbegu za anisi, zenye harufu inayokaribiana na ya shamari. Mafuta yake, anetholi, huyeyuka vizuri kwenye kileo lakini hayapatani na maji. Raki kwa kawaida ina kileo asilimia 45, kiasi cha kutosha kuyashika mafuta hayo yasionekane. Ukiizimua kwa maji sawa kwa sawa, kileo hushuka hadi asilimia 22 hivi. Mafuta hukosa pa kujificha, yakajikusanya kuwa vitone vingi mno, vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Vitone hivyo hutawanya mwanga wa rangi zote, nasi tukauona weupe. Ajabu ni kwamba hakuna aliyekoroga, wala mafuta hayapandi juu upesi kama kwenye mchuzi. Wingu hukaa kwa saa nyingi.

Barafu ndiyo mchokozi. Ikitangulia kabla ya maji, anetholi huganda, kwani huwa ngumu chini ya nyuzi 21 hivi, na utaona chembe nyeupe zikielea juu. Kwa hiyo wazoefu hutanguliza maji, barafu ikafuata. Chupa iliyoingia ukungu kwenye friji nayo haijaharibika: iache mezani ipate joto, itatakata yenyewe.