Jumla Inaporuka Seli

Kikundi cha kuweka na kukopa kina wanachama 12, na kila mmoja hutoa shilingi 10,000 kwa mwezi. Mweka hazina anajua kwamba wanane wameshalipa, maana pesa ameipokea yeye mwenyewe. Lakini jedwali lake la Excel, lenye michango kuanzia seli B2 hadi B13, linasema jumla ni 60,000. Shilingi 20,000 ziko mezani lakini hazionekani kwenye hesabu.

Kosa si la SUM. Ikipewa safu ya seli, SUM hujumlisha namba tu, na kila ilicho maandishi hukiruka bila kulalamika. Ndiyo maana kichwa cha habari kilichomo ndani ya safu hakiiharibu jumla. Taabu huanza pale kitu kinachoonekana kama namba kinapokuwa maandishi.

Ili kujua kilichomo, mweka hazina anaandika fomyula tatu pembeni:

```
=COUNT(B2:B13)
=COUNTA(B2:B13)
=COUNTBLANK(B2:B13)
```

COUNT huhesabu seli zenye namba, tarehe zikiwemo, kwa kuwa Excel huhifadhi tarehe kama namba. Hapa inatoa 6. Hilo peke yake linatosha kueleza jumla: namba zilizomo ni sita, na sita mara 10,000 ni 60,000.

COUNTA huhesabu kila seli yenye chochote ndani, iwe namba, neno au hata ujumbe wa kosa. Inatoa 11. Toa 6 kwenye 11, unapata seli tano zenye kitu ambacho si namba. Hizo tano ndizo za kukaguliwa.

B4 ina 10000 iliyonakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu, ikaingia kama maandishi. Imeegemea kushoto mwa seli, wakati namba kwa kawaida huegemea kulia, na mara nyingi huwa na pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona. Kinachowachanganya wengi ni kwamba ukiandika `=B2+B4` unapata 20,000, kwa sababu alama ya kujumlisha huyageuza maandishi ya aina hiyo kuwa namba. SUM haifanyi hivyo kwa seli za safu.

B5 imeandikwa "10000/=" kama tunavyoandika kwenye risiti. Kwa Excel hayo ni maandishi matupu, na hata `=B2+B5` italeta `#VALUE!`. B8 ina neno "bado". B10 inaonekana tupu, kumbe mtu alifuta mchango kwa kubonyeza kitufe cha nafasi. Ukiandika `=LEN(B10)` utaona 1. B12 ina fomyula inayorudisha `""` kama mwanachama hajalipa.

Hiyo B12 ndiyo yenye kioja. COUNTBLANK inatoa 2: B6, ambayo ni tupu kweli, na B12, kwa sababu huichukulia `""` kama utupu. COUNTA nayo imeshaihesabu B12, maana ina fomyula ndani. Hivyo 11 na 2 zinakuwa 13, ilhali seli ni 12. Ukiona majibu ya COUNTA na COUNTBLANK yanazidi idadi ya seli, ziada hiyo ni seli zenye `""`, na kwa kawaida ni fomyula za namna hii. Nafasi ya B10, kwa upande wake, COUNTBLANK haioni kama utupu.

Matengenezo ni mepesi. Kubadilisha mtindo wa seli B4 kuwa namba hakutoshi. Maandishi hubaki maandishi hadi yaandikwe upya. Zikiwa nyingi, andika 1 kwenye seli tupu, inakili, chagua seli zenye tatizo, kisha tumia Paste Special na uchague Multiply. B5 iandikwe 10000, na alama ya shilingi iwekwe kwa mtindo wa seli, `#,##0"/="`, ili ionekane bila kuwa sehemu ya data. B10 ifutwe kwa kitufe cha Delete.

Sasa COUNT inatoa 8 na SUM 80,000. COUNTA inatoa 10, na tofauti ya mbili ni "bado" na fomyula ya B12, vitu vyenye haki ya kuwepo.

Ila COUNT ina mipaka yake. Sifuri nayo ni namba, kwa hiyo ukiwaandikia 0 wasiolipa, COUNT itasema wote 12 wamo. Hapo wanaolipa wahesabiwe kwa `=COUNTIF(B2:B13,">0")`. Na aliyeandikiwa 1000 badala ya 10000 atahesabiwa kama wengine; huyo atagunduliwa kwa kulinganisha jumla na pesa yenyewe.